"Mtandao ulikuwa mbaya": kutafuta kosa la kweli miadi ya video inapovunjika

Ujumbe wetu wa kuthibitisha miadi ya video na daktari ulikuwa hivi, neno kwa neno, isipokuwa anwani ambayo nimeibadilisha:

```
Miadi yako imethibitishwa 14/5 2:00.
Bofya https://video.example.com/m/7Kq2.
Hakikisha una mtandao mzuri. Asante.
```

Tuliutuma kwa mama wa makamo anayetibiwa presha. Saa mbili asubuhi aligusa linki, akakuta maandishi kwamba chumba hakijafunguliwa. Akapiga simu kwenye dawati letu.

"Mama, miadi yako ni saa nane mchana."

"Mwanangu, mbona hapa mmeandika saa mbili?"

Saa nane alirudi. Linki ikafunguka ndani ya programu ileile ya meseji, kioo kikawa cheusi. Mwanawe akainakili na kuibandika kwenye Chrome, na hapo daktari akaonekana. Dakika ya sita simu ya kawaida ikaingia kutoka kwa shemeji yake, na picha ikaganda. Daktari akaanza kumpigia, naye akaanza kupiga dawatini, kila mmoja akimkuta mwenzake anaongea. Ilipofika saa nane na dakika ishirini na tano daktari aliingia kwa mgonjwa mwingine. Kwenye faili iliandikwa: "Mtandao wa mgonjwa mbaya."

Nilipoketi na mama yule siku ya pili na kupitia hatua moja moja, niliona kwamba mtandao wake haukuwa na kosa lolote. Kulikuwa na makosa manne tofauti, yote yakifunikwa na jina moja, na yote yangeweza kuzuiwa na ujumbe ule wa mistari mitatu. Tangu siku hiyo sikubali tena "mtandao mbaya" kama maelezo. Nauliza mgonjwa aliona nini, alisikia nini, na dakika ya ngapi. Nawaandikia wenzangu wanaotuma ujumbe wa namna hii, dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao mgonjwa hukutana nazo.

Dalili: mgonjwa hakuingia, au aliingia saa sita kabla

Anza na saa. Mfumo wa miadi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo. Tofauti ni saa sita kamili. Ndiyo maana kosa hili lina alama yake: mgonjwa hachelewi kwa dakika kumi au arobaini, bali kwa saa sita, au anawahi kwa saa sita. Ukikuta kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba linki iliguswa saa sita kabla ya wakati wake, usitafute sababu nyingine.

Tarakimu peke yake haiokoi. "2:00" inaweza kuwa saa mbili asubuhi kwa msomaji wa Kiswahili na saa nane mchana kwa mfumo. "8:00" nayo ni hivyohivyo kinyume chake: mfumo unakusudia saa mbili asubuhi, msomaji anaona saa nane. Kuongeza AM au PM husaidia wachache waliozoea, lakini nimeona watu wakisoma "2:00 PM" kama saa mbili ya jioni, na kwa mantiki ya lugha yetu hawajakosea kitu. Saa mbili ipo usiku, basi wameisogeza kidogo.

Kinachofanya kazi ni kuandika saa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, kisha mfumo wa saa ishirini na nne kwenye mabano: "saa nane mchana (14:00)". Anayesoma maneno anapata saa yake, na anayeangalia simu yenye 14:00 anapata ya kwake. Aliyechanganyikiwa anatoa sita kwenye kumi na nne, anabaki na nane, anatulia. Usiandike moja bila nyingine.

Tarehe ina shida ndogo inayofanana. 5/6 inaweza kuwa tarehe tano mwezi wa sita au tarehe sita mwezi wa tano, kutegemea simu na mazoea. Andika siku ya juma na jina la mwezi: "Jumanne tarehe 14 Mei". Siku ya juma ni ulinzi wa ziada, kwa sababu mtu akikosea tarehe, Jumanne itamshtua. Na kama mgonjwa yuko nchi nyingine, taja saa ya mahali alipo yeye, halafu useme wazi kuwa ni saa ya huko.

Dalili: linki haifunguki, au inasema muda wake umekwisha

Tazama tena ujumbe wetu. Baada ya linki kuna nukta. Tuliiweka kwa adabu ya uandishi, kumaliza sentensi, lakini baadhi ya simu huihesabu nukta hiyo kuwa sehemu ya anwani, na seva inajibu kwamba ukurasa haupo. Linki ikae kwenye mstari wake peke yake, bila nukta, koma wala mabano yanayoigusa.

Sababu ya pili inahusu urefu wa meseji, na hapa Kiswahili kina mtego wake mahususi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160 iwapo herufi zote zimo kwenye orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Herufi moja ikitoka nje ya orodha hiyo, meseji nzima hubadilishwa mfumo na uwezo wake hushuka hadi herufi 70. Alama ya king'ong'o tunayoiweka kwenye "ng'ombe" au "ng'oa" iko kwenye orodha ikiwa imesimama wima. Ukiandika ujumbe kwenye programu ya kuandikia nyaraka kisha ukaunakili, programu hiyo mara nyingi huipinda alama, na ile iliyopinda haimo. Basi jina moja la mgonjwa au neno kama "kung'oa jino" linageuza meseji moja kuwa mbili au tatu. Simu nyingi huziunganisha tena bila mgonjwa kujua. Zisizounganisha, au zinazopokea kipande cha pili kikiwa kimechelewa, zinaonyesha linki iliyokatwa katikati. Alama ya kosa hili ni mgonjwa anayesema "ujumbe ulikuja nusu", na bili ya meseji inayopanda bila idadi ya wagonjwa kupanda.

Sababu ya tatu ni linki ya kutumika mara moja. Baadhi ya mifumo hutoa linki inayokufa ikishafunguliwa, kwa nia njema ya kulinda siri. Lakini programu za barua pepe na za meseji wakati mwingine huitembelea linki zenyewe, ama kukagua usalama wake, ama kutengeneza ile picha ndogo ya ukurasa chini ya ujumbe. Linki inakuwa imetumika kabla mgonjwa hajaigusa. Anayeathirika atakuambia kwa uhakika kwamba hajawahi kuifungua, na anasema kweli. Dawa yake ni ya upande wetu: linki ifunguke mara nyingi ndani ya muda wa miadi, na ulinzi ukae kwenye swali linaloulizwa baada ya kuifungua, kwa mfano namba ya miadi.

Na kama chumba hakifunguki mpaka robo saa kabla, ujumbe useme hivyo. Mgonjwa makini hujaribu linki siku moja kabla, akakuta mlango umefungwa, akaamini imeharibika. Huyo ndiye hasa tunayepaswa kumtunza.

Dalili: ameingia, lakini kioo ni cheusi au hasikiki

Hapa kuna tofauti kubwa kati ya kuingia kwenye ukurasa na kuruhusu kamera. Ukurasa unaweza kufunguka vizuri kabisa, mgonjwa akaona jina la daktari na hata kumsikia, huku kamera yake ikiwa imefungwa. Kivinjari hakimpi mtu yeyote kamera bila ruhusa ya mwenye simu, na ruhusa hiyo hutolewa kwa kila tovuti peke yake. Kumruhusu daktari wa mwaka jana kwenye tovuti nyingine hakusaidii leo.

Mama wa presha alifungua linki ndani ya programu ya meseji. Programu nyingi za aina hiyo zina kivinjari kidogo cha ndani, na baadhi ya vivinjari hivyo havipitishi ombi la kamera. Hakuna dirisha linalotokea kuuliza "Ruhusu?", hakuna kitu cha kubonyeza, ni weusi tu. Dawa ni ile aliyoigundua mwanawe: nakili linki, fungua Chrome au Safari, ibandike. Ujumbe uitaje hatua hii kwa jina, kwa sababu mtu mwenye kioo cheusi mbele yake hawezi kuibuni.

Ikiwa yuko kwenye Chrome au Safari na bado ni cheusi, mwombe akusomee maandishi yaliyopo kwenye skrini. Baadhi ya mifumo huonyesha jina la kosa lenyewe, na majina haya matatu yanatenganisha sababu vizuri:

```
NotAllowedError
NotFoundError
NotReadableError
```

La kwanza linamaanisha ruhusa imekataliwa. Aghalabu mgonjwa aligusa "Block" kwa haraka, na baada ya hapo kivinjari hakimuulizi tena, hata aifungue linki mara kumi. Kwenye Chrome ya simu aguse alama iliyo kushoto kwa anwani, aingie "Permissions", awashe "Camera" na "Microphone", kisha aupakie ukurasa upya. La pili linamaanisha kivinjari hakikuona kamera kabisa, jambo la kawaida kwenye kompyuta ya mezani isiyo na kamera. La tatu kwa kawaida linamaanisha kamera ipo na ruhusa ipo, ila kuna kitu kingine kinaishikilia, kama simu ya video nyingine iliyoachwa wazi nyuma. Afunge programu zote, ikishindikana azime simu na kuiwasha.

Kuhusu sauti, kuna kanuni moja inayookoa muda mwingi: anayesikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe siye mwenye kosa. Sauti yake inatoka kwenye spika ya upande wa pili na kuingia tena kwenye kipaza sauti cha hukohuko. Daktari akijisikia mara mbili, mgonjwa ndiye apunguze sauti au avae spika za masikioni. Nimeona madaktari wakihangaika na vifaa vyao dakika tano nzima wakati tiba ilikuwa upande wa pili.

Dalili: "Inaunganisha..." inazunguka bila kikomo

Mgonjwa anaona chumba cha kusubiri, daktari anaona jina la mgonjwa, lakini picha haiji kamwe. Hiyo ni tofauti na picha mbovu. Mara nyingi yuko kazini au hotelini, kwenye waifai inayozuia njia zinazotumiwa na video huku ikiruhusu kurasa za kawaida. Jaribio ni moja: azime waifai, atumie bando la simu, afungue linki upya. Ikifunguka, umepata jibu. Isipofunguka kwa wagonjwa wawili watatu tofauti wa siku hiyohiyo, kosa liko kwetu, na mtu wa mifumo aitwe.

Dalili: picha inaganda, maneno yanakatika

Sasa ndipo mtandao wenyewe unapoingia, na hata hapa tuulize kabla ya kuhukumu. Nani anaona picha imeganda? Ikiwa mgonjwa anamwona daktari vizuri lakini daktari anaona sanamu, basi kinachoumia ni njia ya kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa daktari. Ni ama simu ya mgonjwa inashindwa kupandisha, ama laini ya daktari inashindwa kushusha. Ukitaka kujua ipi, angalia mgonjwa anayefuata. Daktari akiendelea kuona sanamu kwa kila mtu, tatizo limeketi chumbani kwake.

Hatua ya kwanza ni kuzima kamera, wala si kukata simu. Chukua video ya kawaida inayotumia kilobiti 600 kwa sekunde kila upande. Kwa dakika 20 ambazo ni sekunde 1,200, hiyo ni megabaiti 90 kwenda na 90 kurudi, jumla 180. Sauti peke yake ikitumia kilobiti 40 kwa sekunde, dakika zilezile 20 ni megabaiti 6 kwenda na 6 kurudi. Ni mzigo mdogo mara kumi na tano. Laini inayoshindwa kubeba video mara nyingi hubeba sauti bila taabu, na kwa miadi ya kufuatilia presha sauti inatosha kumaliza kazi.

Hesabu hiyohiyo inakupa sentensi ya ujumbe. "Hakikisha una mtandao mzuri" haimwelezi mtu chochote cha kufanya. "Uwe na bando la angalau MB 300" anaielewa na anaweza kuikagua usiku kabla ya kulala. Nimeongeza akiba juu ya zile 180 kwa sababu miadi huzidi muda, na simu hupakua mambo yake kwa siri.

Kuna namna ya kuganda ambayo wengi hawaijui, na ndiyo iliyompata mama yetu dakika ya sita. Kwenye simu isiyobeba mazungumzo juu ya mtandao wa 4G, simu ya kawaida ikiingia, kifaa hushuka kwenda mtandao wa zamani ili kuipokea, na data husimama. Kwa sekunde hizo video haina pa kupita. Hata kwenye simu mpya, kuipokea simu hiyo hunyang'anya kipaza sauti, na ukirudi kwenye video huenda daktari asikusikie mpaka upakie ukurasa upya. Alama yake ni kwamba kila kitu kilikuwa safi, kisha kikasimama ghafla mara moja, bila kuanza kwa kusitasita. Mtandao dhaifu husitasita kwanza. Waambie wagonjwa: simu ikiingia katikati ya miadi, ikatae, usiipokee.

Dalili: imekatika kabisa, na hakuna anayempata mwenzake

Nalipa jambo hili nafasi kubwa kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wanapopotea. Laini kukatika ni dakika mbili za usumbufu. Kinachomaliza miadi ni zile dakika kumi na tisa baadaye, pande mbili zikitafutana kwa nia njema. Daktari anapiga, mgonjwa anapiga, wote wanapata sauti ya simu inayotumika. Wanakata, wanasubiri kidogo, wanapiga tena kwa wakati uleule. Na daktari akipiga kwa namba iliyofichwa, mgonjwa aliyezoea matapeli haipokei.

Ujumbe unatakiwa kuamua mapema nani anafanya nini, kwa upande mmoja tu. Sisi tumeamua hivi: ikikatika, mgonjwa afungue linki ileile mara moja zaidi. Isipofunguka ndani ya dakika tatu, aweke simu chini na asimpigie mtu yeyote. Daktari ndiye atakayepiga, kwa simu ya kawaida. Ikipita robo saa bila kupigiwa, hapo ndipo mgonjwa anapiga dawatini. Neno "asipige" ni gumu kwa mtu mwenye wasiwasi, kwa hiyo tunaeleza sababu yake palepale: ili laini yako iwe wazi daktari akikutafuta.

Namba itakayopiga itajwe, hata tarakimu zake tatu za mwisho. Na pawe na njia ya mgonjwa kumtambua daktari, si daktari kumtambua mgonjwa tu. Tumekubaliana kwamba mpigaji huanza kwa kutaja namba ya miadi iliyo kwenye ujumbe, kabla ya kuuliza jina au tarehe ya kuzaliwa. Tapeli hana namba hiyo. Tunaandika pia kwamba hatutaomba namba ya siri wala malipo kwenye simu hiyo.

Upande wa daktari una wajibu wake katika dakika ya kwanza ya miadi, kabla ya "unajisikiaje": kuuliza "uko wapi sasa hivi?" na "nikupate kwa namba ipi tukikatika?" Swali la mahali halihusu udadisi. Mgonjwa akizidiwa katikati ya mazungumzo na picha ikapotea, daktari asiyejua mgonjwa yuko wapi hana pa kumtuma mtu. Anwani iliyo kwenye faili haitoshi, maana huenda leo yuko kwa dada yake.

Kwa sababu hiyohiyo ujumbe lazima uwe na mstari mmoja usiojadiliwa: laini ikikatika na una maumivu ya kifua, unashindwa kupumua, upande mmoja wa mwili umelegea au umezimia na kuzinduka, usisubiri daktari akupigie. Piga namba ya dharura ya mahali ulipo au upelekwe kituo cha karibu. Bila mstari huu, ile amri yetu ya "usipige, subiri" inaweza kumuumiza mtu aliyetii.

Dalili: laini ilikuwa safi, lakini daktari hakupata alichohitaji

Hii haiandikwi kama hitilafu, na ni hitilafu. Mgonjwa wa presha anayetokea bila vipimo anamwachia daktari kukisia. Lakini "pima presha kabla" haitoshi, kwa sababu presha iliyopimwa baada ya kupanda ngazi au mtu akiwa anaongea ni namba nyingine kabisa. Tunaandika: usinywe kahawa, usivute sigara wala kufanya mazoezi nusu saa kabla. Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, na uandike zote mbili. Mama yetu alikuwa amepima mara moja, akiwa amesimama jikoni, na kipimo hicho kilimtia hofu siku nzima.

Dawa aje nazo zenyewe, paketi na chupa, si majina kichwani. Daktari anasoma kipimo cha dawa kwenye lebo iliyoinuliwa mbele ya kamera kwa sekunde mbili. Kama shida ni ya ngozi, picha ya kupiga mapema kwenye mwanga wa mchana, moja kwa mbali na moja karibu na rula kando yake, ni bora kuliko video yoyote, kwa sababu video hubanwa na rangi ya kipele hupotea. Na dirisha liwe mbele ya uso, si nyuma ya kisogo. Mwanga ukiwa nyuma, kamera hupunguza nuru na daktari anaona kivuli kinachozungumza.

Ujumbe ulivyo sasa

Tumeugawa mara mbili. Ule mrefu unakwenda siku miadi inapowekwa, na mfupi unakwenda nusu saa kabla ukiwa na saa, linki na namba ya miadi pekee, kwa sababu wakati huo hakuna anayepekua meseji za wiki iliyopita. Huu ndio mrefu:

```
Miadi ya video na daktari: Jumanne tarehe 14 Mei,
saa nane mchana (14:00). Namba ya miadi: 4471

Linki itafunguka kuanzia saa saba na dakika 45 (13:45):
https://video.example.com/m/7Kq2

Kioo kikiwa cheusi: nakili linki, ifungue kwenye
Chrome au Safari, ukubali kamera na kipaza sauti.

Uwe na: chaji ya kutosha, bando la MB 300, dawa zako
zote, vipimo viwili vya presha. Dirisha liwe mbele yako.
Simu nyingine ikiingia, ikatae.

Ikikatika: fungua linki mara moja zaidi. Ikishindikana
usipige, laini yako iwe wazi. Daktari atakupigia kwa
namba inayoishia 310 na atakutajia namba ya miadi.
Hataomba namba ya siri wala malipo. Ikipita robo saa,
tupigie dawatini.

Ukiwa na maumivu ya kifua, ukishindwa kupumua, upande
mmoja ukilegea au ukizimia, usisubiri: piga namba ya
dharura au uende kituo cha karibu.

Simu yako haina intaneti? Jibu ujumbe huu: SIMU
```

Ni mrefu, na wapo wenzangu waliolalamika. Nilikubali kufupisha kila mahali isipokuwa aya mbili za "Ikikatika" na ya dharura. Kabla ya kuutumia kwa wagonjwa tulijitumia wenyewe kwenye simu tatu, moja ikiwa ndogo yenye kioo kilichopasuka, tukaangalia kama linki inagusika bila kuchukua herufi ya jirani na kama mstari wa dharura unaonekana bila kubonyeza "soma zaidi". Kwenye simu ndogo haukuonekana. Kwa simu za namna hiyo tunatuma aya ya dharura kama meseji yake ya pekee, mara tu baada ya hii.

Mstari wa mwisho uliongezwa na muuguzi wetu. Alisema wagonjwa wenye simu za vitufe wamekuwa wakipokea linki wasizoweza kuzifungua, na tumekuwa tukiwaandika kama watu wasiofika kwenye miadi. Anayejibu SIMU anapigiwa na daktari saa ileile ya miadi yake, kwa sauti tu, na faili linaandikwa "alihudumiwa kwa simu".